Uzi wa malalamiko: Kubonyeza Enter mara mbili si kuandika insha ya kishairi

Mhariri wa Usiku (mwanzisha uzi)

Wakuu, nimechoka na leo naliweka hadharani. Kila mwito wa insha binafsi ukitoka, zinarudi insha za vipande: sentensi tatu, nafasi tupu, sentensi mbili, nafasi tupu, kisha neno moja limeachwa peke yake katikati ya ukurasa. Ukimuuliza mwandishi pengo hili lina kazi gani, anajibu kwamba hii ni insha ya kishairi, msomaji ajaze mwenyewe. Ajaze nini, kama wewe hujamwachia kitu cha kushika?

Na baadhi ya wanaofundisha wanachangia. Kuna warsha ambako mtu anaambiwa aandike insha ya kawaida, kisha afute kila "kwa hiyo", "lakini" na "baadaye", aache mistari mitupu, basi kazi imekwisha. Hapo insha imevunjwa tu. Kiunganishi kilikuwa kimebeba uhusiano. Ukikifuta, uhusiano ule lazima ubebwe na kitu kingine: neno linalorudi, sura ya kitu, sauti, au ukweli uliowekwa kando ya ukweli mwingine. Kama hakuna kinachoubeba, unaanguka, na msomaji anabaki anabahatisha.

Kanuni ninayoishika ni hii: pengo linafaa pale ambapo kiunganishi chochote ungekitia kingesema uongo. Kama "kwa sababu" ingetosha, andika "kwa sababu" na uendelee.

Nitoe mfano wa kutunga ili tusibishane hewani. Insha inahusu baba aliyepoteza uwezo wa kusikia. Hivi ndivyo inavyoandikwa mara nyingi:

> Radio ya baba iko juu ya kabati. Sauti imefunguliwa mpaka mwisho.
>
> \*
>
> Ukimya ni bahari.
>
> \*
>
> Baba hasikii tena. Nilijifunza kwamba upendo hauhitaji masikio.

Tazameni. Kati ya kipande cha kwanza na cha tatu kuna "kwa sababu" iliyofichwa: sauti iko juu kwa sababu mzee hasikii. Hicho ni kitendawili kidogo, msomaji akikitegua hapati kitu zaidi. Kipande cha pili unaweza kukichomeka kwenye insha ya msiba, ya talaka au ya mtu aliyehama mji, na kikakaa vilevile. Cha tatu kinafunga mlango kwa fundisho, kwa hiyo hata mapengo yaliyotangulia yanapoteza kazi.

Sasa hii:

> Radio ya baba iko juu ya kabati, sauti imefunguliwa mpaka mwisho. Hasikii. Anaitazama taa yake nyekundu.
>
> \*
>
> Ndani ya sikio mna mifupa mitatu: nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku ndicho mfupa mdogo kuliko yote mwilini, urefu wake kama milimita 3.
>
> \*
>
> Mama akiingia hakuwa akimwita. Alikanyaga sakafu ya mbao mara mbili kwa mguu wenye kikuku, na baba akageuka.

Sababu imesemwa wazi mwanzoni: hasikii. Hakuna kinachofichwa. Mruko mkubwa ni kutoka kipande cha pili kwenda cha tatu, na umebebwa na neno moja, kikuku, lililotoka kwenye mfupa likaenda mguuni kwa mama. Ungetia "vivyo hivyo" hapo ungeharibu, maana si vivyo hivyo. Ungetia "lakini" pia ungeharibu. Ndiyo maana pengo linastahili.

Anayetaka kupima yake afanye hivi kabla ya kututumia. Achapishe insha, akate kila kipande kiwe karatasi yake, avitandaze chini, avichanganye, kisha avisome kwa mpangilio mpya. Kama insha inasomeka sawasawa kwa mpangilio wowote, haina mwendo, ni rundo. Kwenye mfano wangu wa pili, ukitanguliza mama kisha mifupa, insha inaishia kwenye somo la mwili wa binadamu na baba anasahaulika. Mpangilio una uzito. Kwenye mfano wa kwanza unaweza kupeleka "Ukimya ni bahari" popote na hakuna atakayejua.

Kalamu ya Pwani

Naunga mkono, ila dawa ni rahisi kuliko unavyoifanya: weka namba. Kitabu cha Maggie Nelson, *Bluets*, cha 2009, kina vipande 240 na vyote vina namba. Msomaji hapotei kwa sababu anajua yuko wapi. Vipande vikiwa na namba tatizo limekwisha.

Mhariri wa Usiku

Ndugu, nusu umepata. Namba inamshika msomaji mkono, kweli. Lakini namba ni ahadi: inasema hoja inakwenda hatua kwa hatua, 14 imetoka kwenye 13. Kwenye kitabu hicho vipande vingi vinajibizana kweli, kimoja kinakanusha au kinapindua kilichotangulia, ndiyo maana namba haziudhi. Ukiweka namba kwenye rundo, umepata rundo lenye namba. Mfano ulio wazi zaidi ni insha ya Eula Biss kuhusu kipimo cha maumivu, ambayo sehemu zake zinatoka 0 mpaka 10. Pale namba ndiyo mada yenyewe, ni swali lile ambalo mgonjwa anaulizwa hospitali. Hazikupachikwa baadaye.

Malenga wa Zamani

Haya ndiyo tuliyoyasema tangu *Kichomi* cha Kezilahabi kitoke 1974. Mkishaacha vina na mizani, kila mtu ni mshairi. Rudini kwenye arudhi, mshororo uwe na mizani 16, nane kwa nane, na ubeti utoshelee. Hayo mapengo yataisha yenyewe.

Nathari Tupu

Shikamoo mzee wangu. Uzi huu ni wa nathari, hatubishani kuhusu shairi huru. Lakini umegusa jambo ambalo linasaidia. Katika shairi la mizani 16, pale kati ya ukwapi na utao kuna kituo, na sikio halipotei kwa sababu kina cha kati kinalirudisha. Insha ya vipande haina kina. Kwa hiyo kitu kingine lazima kifanye kazi hiyo ya kurudisha, na kwa kawaida ni kitu kinachoonekana: radio, kikuku, sakafu. Kirudi walau mara tatu, na kila kirudipo kiwe kimebadilika. Kikirudi vilevile kinachosha, na kikitokea mara moja tu, ni pambo.

Niongeze kwa mwanzisha uzi. Jina la aina hii lilienea baada ya 1997, pale Deborah Tall na John D'Agata walipoanza kulitumia katika jarida la *Seneca Review* kule jimbo la New York. Walichosema hawa ni kwamba insha hii inachukua msongamano na umbo kutoka kwenye shairi, na kutoka kwenye insha inachukua hamu ya kushughulika na ukweli wa mambo. Watu wetu wamechukua lile la kwanza wakaliacha la pili. Kile kipande chako cha mifupa mitatu ndicho kinachokosekana kwenye nyingi ninazosoma. Kila kipande ni hisia, hakuna hata kimoja kinachomfundisha msomaji kitu asichokijua, kwa hiyo hakuna pa kurukia. Kutoka hisia kwenda hisia si mruko.

Mama Zuhura

Mimi nina langu. Insha yangu ilitolewa kwenye tovuti moja na mapengo yote yakapotea, vipande 17 vikashikana kuwa aya ndefu. Niliacha mistari minne mitupu kila mahali. Msomaji akaandika chini kwamba sijui kupanga mawazo. Iliniuma sana.

Nathari Tupu

Pole dada. Kosa ni la aliyeipandisha, ila unaweza kujikinga. Kurasa za tovuti hazihesabu mistari mitupu: ukiacha minne au kumi, zinaihesabu kama nafasi moja ya kawaida. Kwenye hati unayotuma usiache pengo likiwa tupu, weka nyota moja katikati ya mstari, na juu ya hati andika kwamba nyota ni alama ya pengo. Anayepandisha aibadilishe kwa hii:

```html
<hr style="border:0; margin:3em 0">
```

Msomaji ataona nafasi bila mstari. Kwenye kitabu cha karatasi kuna ajali nyingine: pengo likiangukia mwisho kabisa wa ukurasa linamezwa, msomaji anafungua ukurasa wa pili akidhani aya inaendelea. Ndiyo maana wapangaji kurasa huweka nyota hapo, hata kama sehemu nyingine zote ni tupu.

Kalamu ya Pwani

Na urefu wa vipande je? Kuna kipimo?

Mhariri wa Usiku

Hakuna sheria, ila kuna dalili. Hesabu maneno ya kila kipande uyaandike pembeni. Ukiona 48, 52, 50, 47, 51, insha itasinzia, maana msomaji atajua pengo linakuja wapi. Vipande vya maneno 140, 30, 90, 8, 200 vina pumzi. Kile cha maneno 8 kinapata nguvu kutokana na cha 90 kilichokitangulia. Vipande vya maneno 8 vikiwa sita mfululizo, hakuna hata kimoja kinachosikika. Na mruko wa kwanza uwe mfupi, kwa sababu ndio unaomfundisha msomaji namna ya kusoma. Mirefu ije akishazoea. Halafu funika sentensi ya mwisho ya kila kipande kwa kidole usome tena. Mara nyingi hiyo ndiyo sentensi inayoeleza kile ambacho pengo lilitakiwa kufanya, ifute.

Msomaji wa Bukavu

Nami nisome kama msomaji, siyo kama mwandishi. Huo mruko wa kikuku, mimi haukunifikia. Neno la pambo la mguuni nalijua, la mfupa sikuwahi kulisikia, kwa sababu huku shule tulisoma sayansi kwa Kifaransa. Niliona mifupa, kisha nikaona mama, nikadhani kuna kipande kimeanguka. Halafu nasoma kwenye simu, na pale kila kitu kina pengo, hata matangazo. Je, mruko unaotegemea neno moja ni halali kama nusu ya wasomaji hawana neno hilo?

Mhariri wa Usiku

Kaka, hilo limenigusa. Kipande cha pili kimelitaja neno mara mbili na kusema ni mfupa, niliona inatosha. Pengine kinahitaji sura yake: kwamba unafanana na kile chuma anachotia mguu mpanda farasi. Hapo mguu ungekuwa umeshatajwa kabla mama hajaingia, na asiyelijua neno angekuwa na njia ya pili ya kuvuka.

Nathari Tupu

Ukitaja mguu umeshamwonyesha mahali pa kurukia. Mimi nisingetia. Ningetafuta nafasi kwenye kipande cha kwanza badala yake, na pale ningeanza kwa kufuta "Hasikii." Sauti mpaka mwisho na macho kwenye taa nyekundu vinatosha.

Mhariri wa Usiku

Hapo hatukubaliani. Ukiifuta umerudi kwenye kitendawili nilichokilalamikia juu. Mzee anayetazama taa ya radio anaweza kuwa amechoka, anaweza kuwa anasubiri taarifa ya habari.

Nathari Tupu

Asubiri tu. Kipande cha pili kinaanza na "Ndani ya sikio." Itachukua sekunde mbili.