Tupeane uzoefu: mliofanya leza ya macho zamani, mmerudi kwenye miwani?

Fundi Rehema: Wakuu habari za leo. Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 47. Nilifanyiwa leza Chennai nikiwa na 33, nilikuwa mainasi 4 macho yote na nikaambiwa miwani basi tena. Kweli nilikaa raha miaka mingi ila tangu mwaka juzi kutunga uzi kwenye sindano ni kazi, naishika mbali mpaka mkono unaisha, jioni kitambaa cheusi sioni kabisa mshono unapopita. Kinachoniuma, kaka yangu ana miaka 50, mainasi 3, hajawahi kufanya chochote, yeye anavua tu miwani anasoma gazeti. Je leza yangu imeharibika? Walioyapitia haya waje.

Baba Shufaa: Pole dada. Leza ina muda wake, ikifika miaka kumi inaisha nguvu, unatakiwa urudie.

Nipo Klinik: Baba Shufaa hapo ni nusu. Namba kurudi kidogo ipo, hasa kwa waliokuwa na mainasi kubwa, lakini ikirudi kinachofifia ni cha mbali. Rehema simama barabarani usome namba ya gari iliyopaki ng'ambo, kama unaisoma vizuri basi leza yako iko salama. Leza inachonga konea, kile kioo cha mbele, lakini cha kusomea karibu ni lenzi iliyo ndani nyuma ya mboni, hiyo kuanzia miaka 40 na kitu inakakamaa haijikunji tena, na leza haikuigusa. Kaka yako mainasi 3 jicho lake lenyewe linaona sawasawa kwenye sentimita 33 hivi, ndo maana akivua anasoma. Na wewe ulikuwa na hiyo bahati, ikachongwa ili uone mbali. Ulitakiwa uambiwe hili kabla hujalala kitandani.

Fundi Rehema: Hakuna aliyeniambia. Namba za gari nasoma zote.

Mwana Tanga: Mimi nilifanya nikiwa na 43, daktari akaniachia jicho la kushoto mainasi 1 na robo makusudi, la kulia mbali. Simu nasoma bila miwani. Ila kabla aliniwekea kontakti lenzi wiki nzima nijaribu, na namshukuru maana siku mbili za mwanzo nilikuwa nakosea ngazi. Usiku nikiendesha gari safari ndefu navaa miwani.

Mama Ilham: Naombeni msaada, mama yangu ana mtoto wa jicho, leza inatoa?

Nipo Klinik: Hapana mama, huo ni upasuaji mwingine, lenzi yake inatolewa anawekewa nyingine. Ila Rehema shika hilo, siku ikifika zamu yako waambie mapema ulifanya leza, na karatasi za vipimo vya kabla zitafute uzitunze, kupiga hesabu ya lenzi kwenye konea iliyochongwa ni kugumu zaidi.

Dada wa Maskati: Mdogo wangu yeye alikataliwa leza kabisa. Ana miaka 29, mainasi 9, konea ikapimwa unene maikroni 478. Daktari akatuandikia kwenye karatasi: ngozi ya kufunua 110, kuchonga kama 14 kwa kila namba moja yaani 126, inabaki 242, na chini ya 250 hagusi, mwenyewe anapenda ibaki 300. Akasema konea nyembamba hivyo inaweza kutuna mbele baadaye ikawa mbaya kuliko mwanzo. Akamwekea lenzi ya ICL, inaingia nyuma ya mboni mbele ya lenzi yake mwenyewe, konea haichongwi.

Mwana Tanga: Kwa hiyo hao hawatavaa ya kusomea?

Dada wa Maskati: Watavaa, lenzi yake ya kuzaliwa bado imo na itakakamaa vilevile. Mdogo wangu alipimwa nafasi ya mbele ya jicho ikawa milimita 3.2, wakahesabu na seli za ndani ya konea, kila mwaka zinahesabiwa tena. Jioni ileile ya upasuaji kichwa kikamuuma sana akatapika, tukarudi mbio, presha ya jicho imepanda, wakaishusha. Wasiochelewa ndo wanapona. Mpaka leo taa usiku anaziona zina duara, kwake zimepungua ila hazijaisha.

Baba Shufaa: Mimi nina 44, konea nyembamba. ICL au niitoe lenzi kabisa niwekewe ya mbali na karibu?

Nipo Klinik: Hapo hata madaktari hawakubaliani mkuu. Mwenye mainasi kubwa akitolewa lenzi mapema, hatari ya retina, lile pazia la nyuma ndani ya jicho, kuachia inaongezeka. Ningekuwa wewe ningetafuta maoni ya wawili.

Fundi Rehema: Nimetoka kupima, mbali 6/6, karibu nimepewa plasi 1.75. Uzi nimetunga mara ya kwanza tu. Ila hiyo ya jicho moja moja ya Mwana Tanga naiogopa kwa kazi yangu, kuna fundi anayeishi nayo?