Watoto wa awali wanapanga kadi za hadithi sawasawa, lakini kusimulia hawasimulii. Nakosea wapi?

Mwalimu Mchicha
Habari za jioni wadau. Nafundisha awali huku Tanga, watoto 46, wengi wana miaka mitano. Nimetunga kisa kifupi cha Chausiku: mama anampa chupa na hela akanunue mafuta ya kupikia, muuza duka anamjazia, anarudi huku anageuka kutazama wenzake wanaocheza rede, anajikwaa kwenye jiwe, mafuta yanamwagika, analia, jirani anamfuta machozi na kumrudisha kwao. Kadi sita za manila, nimechora mwenyewe.

Nawasomea mara mbili, nachanganya kadi, wanapanga. Karibu wote wanapatia! Nikawa nimefurahi. Kisha naanza: "Hii ni picha ya nini?" Mtoto anajibu: "Huyu ana chupa. Huyu anauza. Huyu anatembea. Hapa kuna jiwe. Huyu analia." Basi, hadithi imekwisha. Nikiuliza kwa nini Chausiku analia, wananitazama tu.

Jambo la pili, watoto watatu wanapanga kuanzia kulia kwenda kushoto. Nawasahihisha, kesho wanarudia.

Fundi Daftari
Mwalimu, andika namba nyuma ya kila kadi, 1 mpaka 6. Mtoto akimaliza anageuza anajisahihisha mwenyewe, wewe unapumua. Mimi nafanya hivyo na hawakosei kabisa. Hao wa kulia kwenda kushoto hawajaelewa hadithi, warudishe kwenye kadi tatu.

Mama Kibanio
Shikamooni wakubwa. Mimi mwanangu ana miaka mitano na nusu, herufi zote anazijua, anahesabu mpaka hamsini, lakini hadithi hataki kusikia, anataka simu tu. Hizo kadi zinauzwa wapi na bei gani?

Bibi Mkeka
Marahaba mwanangu. Kadi usinunue. Kata boksi la sabuni, mchore mtoto wako mwenyewe akiamka, akioga, akinywa uji. Hadithi yake ataitaka.

Sasa Mwalimu Mchicha, nimefundisha awali miaka mingi, nikawafundisha na walimu wenyewe chuoni. Watoto wako hawana kosa. Umewauliza "hii ni picha ya nini", wamekujibu picha ni ya nini. Msikilize mtoto kwenye kitenzi. Akisema "anatembea, analia", anaitazama kadi. Siku akisema "akatembea, akajikwaa, mafuta yakamwagika", hapo yumo ndani ya kisa. Hiyo "ka" hakuna anayewafundisha darasani, wameitoa kwa bibi zao. Wewe kazi yako ni kuuliza swali linaloiita.

Kwa hiyo gusa kadi ya kwanza useme: "Nisimulie, Chausiku alitumwa nini?" Kisha nyamaza. Hesabu kimoyomoyo mpaka tano, maana mtoto wa umri huo anatafuta maneno, na sisi walimu tunamkatiza akiwa bado njiani. Akikwama sema tu "Ikawaje?" Usimtajie neno. "Kwa nini" iache mpaka amefika mwisho, ukiileta katikati anapoteza uzi.

Halafu jaribu hili. Chukua kadi zako, wape watoto wa darasa jingine ambao hawajasikia kisa. Nadhani watazipanga vilevile, kwa sababu chupa tupu, chupa imejaa, chupa chini, macho yanatosha. Kupanga kwao hakukuambii kama wamesikia chochote. Ukitaka kujua, panga wewe mwenyewe kadi zote mbele yao, kisha iondoe ile ya kujikwaa. "Hapa alikuwa na mafuta yake. Hapa analia. Katikati kulikuwa na nini?" Hapo hakuna picha ya kumsaidia, lazima aende kukitafuta kisa kichwani.

Namba za Fundi Daftari si mbaya kwa mtoto kujisahihisha, ila wajanja huchungulia nyuma kwanza, ukabaki unafundisha hesabu. Na hao watatu, uliza kama wanakwenda chuo cha Kurani jioni.

Mwalimu wa Kilifi
Hilo la mwisho ni kweli kabisa. Hapa kwetu PP2 nusu ya darasa wako madrasa, wanasoma kutoka kulia kila siku. Mtoto anaweza kusimulia vizuri kabisa kuanzia kulia. Mimi naweka kizibo chekundu upande wa kushoto wa mkeka, nawaambia hadithi inaanzia kwenye kizibo. Sijawaambia wamekosea.

Kwa darasa kubwa nawapa watoto sita kadi waning'inize kifuani, darasa zima linawahamisha mpaka wapangike. Linachangamka sana, lakini nakiri wanaohamisha ni walewale wanne wenye sauti.

Bibi Mkeka
Ndiyo hasara yake. Hiyo iwe ya kufungulia kipindi. Kusimulia kwenyewe wachukue watano au sita mkekani, wengine wafinyange udongo. Kwa siku moja hutawamaliza 46, utawapitia wiki mbili. Na Mwalimu Mchicha, nguo ya Chausiku ni rangi moja kwenye kadi zote?

Mwalimu Mchicha
Bibi umenishika! Kalamu ya njano iliniishia kwenye kadi ya tatu, nikamalizia na kijani.

Bibi Mkeka
Basi kwao ni wasichana wawili. Ndiyo maana kila kadi ni "huyu".

Mwalimu Mchicha
Narudi na mrejesho baada ya siku nane. Nimechora upya, gauni la njano na kilemba kimoja kadi zote. Kadi nimepunguza zikawa nne: kutumwa, kujaziwa, kujikwaa, jirani. Kadi za zamani nilizipeleka kwa watoto wa jirani zangu ambao kisa hawajakisikia, wakazipanga sawasawa. Niliishiwa nguvu.

Leo nimekaa na mtoto mmoja ambaye huwa hasemi. Nikaondoa ya kujikwaa. Niliponyamaza nilifika nne, nikawa nataka kusaidia, akaanza: "Mama akampa chupa. Akaenda dukani. Akajaziwa. Akawa anatazama rede..." Nikasema, ikawaje? "Akapiga jiwe, puu! Mafuta yakaingia kwenye mchanga." Mchanga sikuuchora wala sikuusoma.

Ila nilipouliza kwa nini aliangusha chupa, akasema: "Kwa sababu ya jiwe." Nilitaka aseme alikuwa anatazama mchezo. Hapo nimhesabie amepata au amekosa?

Fundi Daftari
Amekosa. Sababu ni kutotazama njia, si ndiyo funzo la hadithi?

Mwalimu wa Kilifi
Mimi nampa. Jiwe lisingekuwepo asingeanguka.

Bibi Mkeka
Amepata, na rede ameitaja mwenyewe kabla hujamuuliza. Muulize moja zaidi: "Mbona hakuliona jiwe?" Akijibu hilo, ameshaunga mambo mawili, na kwa miaka mitano wengi huishia kwenye lile la karibu. Usimpe jibu wewe.

Mwalimu Mchicha
Sawa Bibi, nitamuuliza kesho. Nina wawili pia ambao nyumbani ni Kisambaa kitupu, kadi wanazipanga, "ikawaje" wanacheka tu. Niwaache wasimulie Kisambaa? Mimi mwenyewe nakisikia kidogo sana.

Mwalimu wa Kilifi
Mimi huwaacha waseme Kigiriama kwanza, kisha mwenzao anarudia kwa Kiswahili.

Fundi Daftari
Awali lugha ya kufundishia ni Kiswahili, mkaguzi akija utasemaje?

Bibi Mkeka
Mkaguzi atasikia mtoto anasimulia. Lakini kama humwelewi, utajuaje amesimulia kisa au ametaja picha? Hapo tafuta mtoto mkubwa wa darasa la tatu anayekijua Kisambaa akae nawe mkekani. Mimi nilikuwa nafanya hivyo Lushoto, wengine walitafsiri vizuri, wengine wakawa wanasimulia wao.