Mama mkwe amesoma jina la eksi wangu kwenye picha ya sendofu, na hawa jamaa wa ngazi za kijani wananiambia ni printa!

Bibi_Harusi_Hasira:

Wadau, naandika huku mikono inatetemeka. Hao jamaa mnawajua, wenye ngazi za kijani na yule kaka wa miwani anayejiita daktari wa picha. Siwataji, wasije wakapata matangazo ya bure.

Nina tatuu begani, jina la mtu wa zamani, herufi nene nyeusi tii. Mchumba wangu anajua, tulishayamaliza. Mama yake hajui. Gauni lina mabega wazi, kwa hiyo niliwaambia mapema: ukumbini nitajifunika mtandio, ila kwenye picha kubwa ya mlangoni itoeni, na ngozi ibaki ngozi yangu. Wakanitumia kwa simu, nikaona safi kabisa, nikalipa.

Basi picha imesimama mlangoni, ndefu kuliko mimi, imemulikwa taa pande zote. Mama mkwe anafika, anaisifia, anatoa miwani kwenye pochi, anainama. "Mwanangu, hapa begani pameandikwa nini? I... B... R..."

ALIISOMA KWA SAUTI. Weusi umetoka lakini kingo za herufi zimebaki, zimetuna! Mashangazi wote wakanyamaza, nadhani hata jenereta lilizima kwa heshima. "I... B... R..." Mwanamke ambaye meseji zake anasomewa na mjukuu!

Leo nimewafuata. "Sista, hiyo ni printa." Nikang'aka, akashika brashi akapaka mbele yangu. Sasa herufi hazipo na ngozi nayo haipo. Bega limekuwa sahani ya plastiki, tena la chungwa, na mimi ni mweusi wa asili. Halafu akadai hela ya marekebisho.

I... B... R... Nitaisikia mpaka kaburini.

Mzee wa Kiti cha Mbele:

Uzi bila picha ni umbea. Tuletee tumalizie herufi zilizobaki.

chausiku_77:

Ibra mwenyewe yuko humu anasoma, hongera kaka, umehudhuria sendofu bila kuchangia 😂😂

Fundi Leya:

Dada pole. Printa haina kosa hapo. Huyo kaka aliigawa picha leya mbili. Ya chini aliipitisha Gaussian Blur, ikabaki na rangi na vivuli. Ya juu akaiweka Linear Light, ndiyo inayobeba vinyweleo na kila kitu chenye ukingo mkali. Kisha akasafisha ya chini peke yake, akaona weusi umeondoka, akafunga kazi. Wino mzito una kingo kali, na kingo hizo zilipanda leya ya juu pamoja na vinyweleo vyako. Angeiacha ya juu peke yake ionekane kwa sekunde moja angeliona jina limekaa kwenye kijivu, linasomeka vizuri tu. Kwenye simu halionekani kwa sababu picha imepunguzwa. Ukiichapa urefu wa mtu, hata mama mkwe anasoma.

Bibi_Harusi_Hasira:

Kwa hiyo lilikuwepo muda wote kwenye kompyuta yake! Akaliangalia! Akalichapa!

dogo_wa_posta:

Mnakuza mambo. Tatuu haifuti vinyweleo, bado vipo palepale. Unafungua Curves, unapandisha mwanga kwenye maski ya tatuu peke yake, unarekebisha rangi, ngozi inarudi yenyewe. Dakika tano.

Fundi Leya:

Dogo, hiyo inakubali kwa wino wa zamani uliofifia. Mimi mwenyewe naitumia hapo, na matokeo yake huwa mazuri kuliko kubandika. Huyu kasema nyeusi tii. Ukiinua weusi kama huo unapata chengachenga na ubluu, kwa sababu kamera haikushika kitu cha maana mle ndani.

Kwa bega kama lake nafungua leya tupu, nachukua Clone Stamp, Sample naweka Current & Below, nafunika wino wote kwa ngozi ya jirani mpaka nje kidogo ya ukingo. Healing Brush naileta mwisho, kwenye maungio tu. Ile inaoanisha rangi na kilicho pembeni, kwa hiyo ukianza nayo wino ukiwa bado upo inavuta weusi na unabaki na doa la moshi. Na brashi isiwe laini mno. Hardness ikiwa 0, pembeni mwa kila mguso vinyweleo vya huku vinachanganyika na vya kule, vyote vinafutika. Mimi nacheza kati ya 50 na 70.

Halafu bega ni la mviringo, mwanga unafifia ukishuka kwapani. Ngozi ya kufunikia nachota usawa wa mwanga uleule na nahama kila mara, la sivyo kipele kimoja kitajirudia mara tatu. Huyo kaka kapaka rangi moja juu mpaka chini, na kwa hilo chungwa naapa kaichota usoni, penye meikapu.

dogo_wa_posta:

Sawa mkuu, ila bado nasema kugawa leya ni haraka kuliko kubandika.

Fundi Leya:

Haraka, ndiyo, ukikumbuka kusafisha zote mbili.

mama_tulizo:

Mdogo wangu, hayo ya kompyuta achana nayo. Kuna leza siku hizi, unarudi kwa vipindi hadi inafifia. Ila usithubutu zile dawa za kuchubua za mtaani, jirani yangu alipaka akabaki na kidonda.

Bibi_Harusi_Hasira:

Dada, ni PICHA. Tatuu yangu ninaipenda.

chausiku_77:

Anaipenda!!! Bwana harusi yuko wapi jamani 😂

KovuLaShavu:

Mimi nina kovu la shavuni tangu utotoni. Nilienda kwa haohao wa ngazi kupiga picha ya pasipoti, wakalifuta bila kuulizwa. Ofisini wakaangalia picha, wakaniangalia mimi, wakanirudisha. Fundi Leya, hivi kovu nalo unalibandikia ngozi hivyohivyo?

Fundi Leya:

Ya pasipoti usiguse kabisa, inatakiwa sura yako ilivyo. Kwenye picha ya kawaida, kovu lililotuna linaonekana zaidi kwa kivuli chake upande mmoja na mng'ao upande wa pili. Naangaza kivuli kidogokidogo, natuliza mng'ao, naacha alama hafifu. Ukilifuta lote, wanaokujua wanahisi kuna kitu hakipo. Ila wapo wateja wanaotaka litoke lote, na hela ni yao.

KovuLaShavu:

Langu naomba libaki. Nataka nauli yangu tu.

mjomba_kigoda:

Afadhali nyie. Baba yetu alipofariki, picha ya kwenye jeneza ilirudi kang'arishwa mpaka wazee wa kijijini wakauliza huyu ni nani. Ndevu zimelainishwa, makunyanzi hakuna.

Bibi_Harusi_Hasira:

Poleni sana. Ila turudi kwenye I... B... R...

Mzee wa Kiti cha Mbele:

Tumeshasoma, A imo. Mimi swali langu, hiyo sendofu keki iliwafikia wa nyuma? Maana niliyochangia mwezi uliopita nilipewa maji ya kunywa na risala.

mjomba_kigoda:

Usiniambie habari za michango. Kuna kamati nimewekwa kwenye grupu sijui hata bibi harusi ni nani, na mweka hazina ananipigia saa kumi na mbili asubuhi.

chausiku_77:

Huyo mweka hazina ana sauti nzito na anaanza na "Mheshimiwa"? Na mimi ananitafuta!

mjomba_kigoda:

Huyohuyo!! Usipokee.