Tupeane uzoefu: Oveni ya umeme inaunguza juu, chini mbichi

Mpika Keki: Jana nimetupa keki ya kipaimara. Juu nyeusi tii, chini uji, na swichi nimeiweka juu-na-chini kama siku zote. Wiki iliyopita fundi alishabadilisha thamostati, hela ikaenda, tatizo likabaki. Nani yamemkuta?

Kaka Waya: Dada, hapo umeliwa. Oveni nyingi zina thamostati moja, na umeme wa koili zote mbili unapitia humo. Koili ya juu ikiwaka, ujue thamostati inapitisha. Wa kuhojiwa ni koili ya chini au swichi ya kuchagulia.

Bi Mkubwa: Yangu moto unazimika nikifunga mlango. Ni ya gesi lakini.

Shemeji Moto: Mie niliiona koili ikifa! Mwezi wa Ramadhani, sambusa ndani, adhana karibu. Cheche ikaanzia pembeni ya koili ya chini ikatembea nayo kama fataki, mke wangu anapiga kelele, mimi namwagia maji...

Mama Wawili: MAJI? Kwenye umeme?

Shemeji Moto: Akili iliruka. Namshukuru Mungu luku ilikuwa imeisha dakika ileile.

Mpishi wa Kota: Haya, sambusa zilifuturiwa?

Pangaboi: Msihangaike, mwageni hela mnunue mpya. Au washa oveni, gusisha testa kwenye koili ya chini, ikiwaka taa koili ni nzima.

Kaka Waya: Usimpoteze mwenzio. Testa ikiwaka maana yake umeme umefika tu, hata koili iliyokatika itaiwasha. Dada, chomoa waya ukutani, toa waya mmoja wa koili ya chini, pima kwa mita upande wa omu. Ya wati 1,200 kwa volti 230 itasoma kama 44. Mita ikiandika `OL`, koili imekatika. Ikiwa nzima, hamia kwenye swichi: iweke chini peke yake, pima toka waya unaoingia hadi unaokwenda koili ya chini.

Mpika Keki: Nimemwita mdogo wangu mwenye mita. Koili 45. Swichi `OL`, na mguu mmoja wa plastiki umeyeyuka.

Kaka Waya: Ndiyo hiyo. Ukibadilisha, kata na kichwa cha waya kilichoungua uweke kipya. Kikilegea kitaichoma na mpya.

Mama Wawili: Lakini swichi haielezi kwa nini juu paungue hivyo.

Mpika Keki: Kweli, nikiweka 180 kipimajoto cha ndani kinafika 220.

Kaka Waya: Angalia kile kijiti cha shaba cha thamostati mpya. Kikae ndani ya oveni, kwenye kishikio chake. Fundi akikiacha nyuma ya ukuta kinaona baridi, na koili haizimwi.

Mpika Keki: Hakipo ndani!! Ngoja nimpigie huyo fundi.

Bi Mkubwa: Na ya gesi jamani?