Mrejesho: Kurusha ndoa mubashara kwa simu tatu, Kigoma

Niliuliza: "Nina simu tatu na intaneti ya kusuasua, nitarushaje ndoa ya dada yangu kanisani bila picha kukatika?"

Ndugu zangu, asanteni sana. Nilifuata ushauri wa kuunganisha simu zote na kompyuta kupitia ruta ya ndani isiyotegemea intaneti, ili programu ya OBS kwenye kompyuta ichague picha na kutuma mkondo mmoja tu. Wiki moja kabla, saa ileile ya ibada, nilipima kasi ya kupakia nikapata megabiti 2 kwa sekunde, nikatumia nusu yake: ubora wa picha wa 480p kwa kilobiti 1,000 kwa sekunde.

Sauti niliyoichukua kwenye mikisa ilitangulia midomo ya mchungaji, jambo ambalo sikulitarajia. Nilipiga kofi mbele ya kamera ili kupima tofauti, nikaongeza milisekunde 300 kwenye Sync Offset, sehemu ya OBS ya kuchelewesha sauti, ikakaa sawa.

Picha ilitulia mpaka wageni walipojaa na simu zao, kisha matangazo yakakatika dakika nane, wakati wa viapo, jambo lililoniuma sana. Hata hivyo, OBS ilikuwa inarekodi pia kwenye diski kama mlivyosisitiza, hivyo usiku, mtandao ulipopungua watu, nilikipandisha kipande hicho na bibi akakiona. Simu iliyokuwa ikichukua kwaya, dirishani juani, ilizima kwa joto na sikuweza kuirudisha.