Mteja katuma faili bila neno: nichapishe, nimpigie, au niweke jibu la kujituma?

Kopi_Mtaani
Wakuu, habari za kazi. Nina steshenari. Wateja wananitumia faili au linki WhatsApp bila hata "mambo". Baada ya saa moja mtu anaingia: "Tayari?" Tayari nini sasa? Wiki hii nataka niamue: nichapishe ikifika tu, nimpigie kila mmoja, au niweke jibu la kujituma la WhatsApp Business. Ipi bora?

MamaWino
Hapo hujasema kitu, mdogo wangu. Uko karibu na chuo au mahakama? Wanatuma PDF au Word? Wanalipa kabla au baada?

Kopi_Mtaani
Samahani dada. Ni jirani na chuo. PDF nyingi, Word chache, na linki za ajira. Wanalipa baada.

Mzee_wa_Baindi
Baada?! Basi usichapishe kitu. Mimi niliingizwa mjini na mwanafunzi mmoja. Alinitumia Word usiku, kimya. Nikajiambia huyu ni wa ripoti ya mwisho, na anapenda rangi kwa sababu mara iliyopita alitaka rangi. Nikachapa kurasa 99, kwangu ukurasa wa rangi ni 500, nikabaindi kabisa. Asubuhi anakuja: "Mzee, nilitaka unipangie yaliyomo tu, sijamaliza." Tena kwake ripoti ilikuwa kurasa 96. Kompyuta yangu haikuwa na fonti yake, maandishi yakasogea, zikazaliwa kurasa tatu. Kwa hiyo hata angetaka kuchapa, namba za yaliyomo zingekuwa za uongo. 49,500 imekwenda, bado baindi. Ile ripoti watoto wangu wanachorea nyuma yake mpaka leo.

Shemeji_Mpole
Hili linanihusu. Baba mkwe naye hutuma linki tupu. Siku moja nilijibu "Amina mzee wangu" bila kufungua, nikidhani ni mahubiri. Kumbe tangazo la shamba linauzwa, anataka tuchange. Akasema angalau nimekubali.

MamaWino
😂 Pole shemeji, ila mwenzetu anauliza ya dukani.

Kopi_Mtaani, aina ya faili inakupa fununu. Mtu akituma Word, mara nyingi kazi bado inahitaji mkono: kupanga, kusahihisha, kugeuza iwe PDF. Akituma PDF, kwake imeisha, anataka karatasi. Picha mbili za kitambulisho, mbele na nyuma, ni kopi upande mmoja wa karatasi. Linki ya `portal.ajira.go.tz` hachapishi mtu, anataka umjazie maombi, na hiyo ni kazi ya kukaa naye. Hata hivyo fununu inakwambia aina ya kazi tu. Nakala ngapi, rangi au nyeusi, pande mbili au moja, faili halisemi. Hapo ndipo Mzee alipoliwa.

Dogo_Net
Linki fungua tu. Ukiona kufuli na `https`, ni salama.

MamaWino
Hapana dogo. Kufuli linasema njia kati yako na tovuti imefungwa, halisemi mwenye tovuti ni nani. Hata tapeli anaweka kufuli. Tazama jina kabla ya mkwaju wa kwanza baada ya `https://`: linapaswa kuishia na `ajira.go.tz`. Likifuatiwa na nukta na neno jingine, hiyo si ya serikali. Na faili la "kadi ya harusi" likiishia na `.apk`, hilo ni programu. Usilifungue kwenye simu ya duka.

Kopi_Mtaani
Sawa, lakini jibu la kujituma je? Niliweka ujumbe wa salamu, wateja wangu wa kila siku hawaupati.

MamaWino
Hawataupata. Salamu humwendea anayeandika mara ya kwanza, au aliyekaa kimya siku 14. Wako wanatuma kila wiki. Tengeneza majibu ya haraka, uyaite kwa mkwaju. Langu ni `/chapa`: "Nimepata faili, kurasa 12. Nichape ngapi, nyeusi au rangi? Nikipata jibu naanza." Idadi ya kurasa naibadilisha kwa mkono. Mteja akiiona ndiye anayeshtuka, "Aa, nilitaka ukurasa wa 7 tu."

Mzee_wa_Baindi
Mimi bado napiga simu. Mtu mzima ukimwandikia maswali anaona unamfundisha.

Dogo_Net
Simu arobaini kwa siku, mzee? Vocha unalipa wewe?

Mzee_wa_Baindi
Vocha ni rahisi kuliko kurasa 99.

Kopi_Mtaani
Naanza na `/chapa` kwa PDF. Za Word nitapiga, nione wiki mbili. Linki bado sijui.

Shemeji_Mpole
Samahani, hiyo rangi ya 500 ni wapi? Huku kwetu wananitoza 1,000.