Tupeane uzoefu: Ulimwambiaje mfanyakazi wa siku nyingi kwamba mfumo mpya unabadilisha kazi yake?

Binti wa Stoo
Wakuu, habari za jioni. Nasimamia stoo ya jumla ya vifaa vya ujenzi hapa Mwanza. Bosi amenunua mfumo wa kompyuta na skana, na anataka kadi za stoo ziondoke. Mtunza stoo wetu ana miaka 54, na 22 kati ya hiyo ameimalizia hapa. Mimi nilipoingia nikiwa mwanafunzi wa field, yeye ndiye aliyenifundisha kusoma delivari noti na kunusa saruji iliyokula maji. Sasa ni mimi natakiwa kumkalisha chini Jumatatu.

Hatumpunguzi. Bosi amekubali abaki na mshahara uleule na afundishwe. Ila kazi ya kuandika leja na kutoa mzigo kwa kalamu, ile anayojulikana nayo, inakwisha. Waliowahi kumwambia mtu jambo kama hili, au kuambiwa wao, mlianzaje? Nini kiliharibika?

Kakakuona
Unajisumbua bure dada. Teknolojia ni sababu halali kisheria. Mpe barua ya mafunzo, akikataa amejiondoa mwenyewe na kiinua mgongo hapati. Imeisha hiyo.

Chumba cha Giza
Mimi niliambiwa, tena siyo na mkuu wangu. Nilikuwa nasafisha filamu za eksirei hospitalini, miaka 16 kwenye chumba chenye taa nyekundu, mikono inanuka dawa mpaka nyumbani. Siku moja dereva akaniambia, "Mzee, nimeleta mashine yako ya kukufukuza." Kufungua maboksi, ni mtambo wa kidijitali, hauhitaji filamu wala dawa. Wiki tatu nzima kila aliyenipita alinisalimia kwa upole kama nimefiwa. Ule upole uliniumiza kuliko mashine.

Baadaye nikapewa kuandikisha wagonjwa kwenye kompyuta na kukagua picha kabla hazijaenda kwa daktari. Na hapo ndipo nikagundua nilikuwa najua kitu. Wale vijana walikuwa wanachanganya majina, mguu wa kushoto unaandikwa wa kulia. Mimi miaka yote nilikuwa nabandika alama ya kushoto na kulia kwa mkono wangu, jicho langu linaenda hapo lenyewe. Lakini hakuna aliyeniambia hilo mwanzoni. Nililigundua mwenyewe baada ya miezi.

Duka la Kahama
Mfumo gani mmenunua? Mimi nina duka la vipodozi, nataka unaotoa risiti na kusoma bakodi, lakini usiohitaji intaneti muda wote. Bei tafadhali.

Bibi Utumishi
Duka la Kahama, fungua uzi wako mwanangu, huku tunazungumzia mtu.

Kakakuona umeshika mkia umeacha ng'ombe. Kanuni za Utendaji Bora za 2007 kweli zinataja mahitaji ya kiteknolojia kama sababu ya kupunguza wafanyakazi. Lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri atoe taarifa mapema, atoe maelezo yote yanayohusika, na ashauriane na wahusika, pamoja na namna ya kuepuka kupunguza watu. Kuhusu kiinua mgongo, anayekosa ni yule aliyekataa kazi mbadala *bila sababu ya msingi*. Ukimpa mtu wa miaka 54 kazi mbadala yenye mshahara pungufu au ya kuhamia mkoa mwingine, usitegemee kukataa kwake kukukinge.

Na jueni hesabu yenyewe. Kiwango cha chini ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, lakini miaka inayohesabiwa haizidi 10. Chukua mshahara wa msingi wa 520,000 kwa mwezi: unagawa kwa 4.333 kupata wiki, kisha kwa siku 6 za kazi, inakuja kama 20,000 kwa siku. Mara siku 70 ni 1,400,000. Yaani ile miaka 12 ya juu, kwenye kiwango hicho, haionekani. Mzee kama huyo akisikia neno "mfumo" tu, hesabu hiyo ameshaipiga kichwani, kwa hiyo usianze na mfumo.

Binti, nimefanya utumishi miaka 19, viwandani na kwenye ghala. Nilichojifunza ni kutenganisha kilichoamuliwa na ambacho bado. Mkutano wangu wa kwanza wa namna hii niliharibu kwa kumwuliza mama mmoja wa masijala, "Unaonaje tukihamia kwenye kompyuta?" Akasema anaona si vizuri. Nikabaki natazama dari, maana kompyuta zilikuwa zimeshalipiwa. Aliniona mnafiki, na alikuwa sahihi.

Kwa hiyo sentensi ya kwanza iwe ya mshahara na nafasi yake: haiondoki. Ya pili: kadi zinaondoka, tarehe fulani. Halafu useme ambacho bado hakijaamuliwa, na hapo ndipo umwulize: ajifunze saa ngapi, na nani, aanze na bidhaa zipi, cheo kiitwe nini. Usimwambie "usijali mzee", mwache ajali. Msizungumze naye stoo, mbele ya wapakiaji, na msizungumze Ijumaa jioni akaenda kukaa na jambo hilo siku mbili peke yake. Mpe karatasi, mkutane tena Jumatano. Mabadiliko ya kazi yake yaandikwe pia kwenye maelezo yake ya ajira baada ya kushauriana naye, hilo nalo sheria inalitaka.

Kakakuona
Sawa bibi, hiyo ya sababu ya msingi sikuijua. Ila bado nasema kuna wazee wanajifanya hawaelewi makusudi.

Bibi Utumishi
Wapo. Lakini kabla ya kusema makusudi, mpeleke akapimwe macho. Sitanii. Nilikuwa na mtunza ghala aliyefeli mafunzo mara mbili. Mkufunzi akaandika "hana uwezo wa kujifunza". Siku moja nikamwona anasoma lebo ya katoni, kanyoosha mkono wote. Kadi za stoo alikuwa anaandika kwa herufi kubwa, anazishika mbali anavyotaka, skrini huwezi kuinyoosha. Miwani ya kusomea ikamaliza kesi.

Mkwe wa Kilindini
Huku kwetu Mombasa mimi nilikuwa msimamizi kwenye yadi ya makontena. Karani wangu wa kuhesabu mizigo alikuwa na miaka 17 kazini, tukaletewa vishikwambi. Kwetu Kenya Sheria ya Ajira ya 2007 haina ule ukomo wa miaka kumi, kiinua mgongo ni mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka uliotimia, basi kampuni ikaona afadhali imfundishe. Nikamwambia vizuri, faraghani, kwa heshima. Akaitikia. Mafunzo akayamaliza, akaendelea kazi, halafu mwezi wa tatu akaandika barua ya kuacha.

Nilimfuata kwake, tukanywa kahawa. Aliniambia, "Bwana, zamani dereva akifika alikuwa ananitafuta mimi. Sasa anatafuta kile kishikwambi, mimi nakishika tu." Sikuwa na jibu, na hadi leo sinalo. Mshahara haukupungua hata senti.

Chumba cha Giza
Namwelewa sana huyo.

Kijana wa Kompyuta
Mimi ndiye niliyekuwa mkufunzi wa wazee kwenye kampuni ya usambazaji. Angalieni vitu viwili. Cha kwanza, mzee ataandika kila kitu kwenye daftari mchana, aingize kwenye mfumo jioni. Utajuaje? Fungua orodha ya miamala uone saa: kama yote ni kati ya saa 11 na saa 12 jioni, ndiyo hivyo. Mchana stoku ya mfumo inakuwa ya uongo, kaunta wanauza mzigo ambao umeshatoka, na mwishowe unaona bidhaa ina idadi hasi. Watasema mfumo mbovu, wakati ni daftari.

Cha pili kibaya zaidi. Kijana anayemsaidia ataingia kwa nywila ya mzee ili "amrahisishie". Upotevu ukitokea, jina ni la mzee. Niliwahi kuona mtu wa miaka mingi anaitwa mwizi kwa miamala ambayo hakuwahi kuigusa. Kila mtu na nywila yake kuanzia siku ya kwanza, hata kama inachelewesha foleni.

Binti wa Stoo
Nimerudi baada ya wiki sita, samahani kwa kimya.

Nilimkalisha Jumatatu saa mbili asubuhi, ofisi ya mhasibu, tukafunga mlango. Nikasema, "Shikamoo mzee. Kwanza, kazi yako ipo na mshahara wako haupungui. Pili, kadi za stoo zinaondoka mwisho wa mwezi wa tisa." Akanyamaza muda mrefu, halafu akauliza kitu ambacho sikukitegemea: "Mwanangu, kuna mzigo umepotea?" Alidhani mfumo umenunuliwa kwa sababu anashukiwa. Ningeanza na habari za skana tusingelijua hilo. Nikamwambia hapana, na Jumatano bosi mwenyewe akaja akamwambia hapana.

Njia tuliyopanga ni hii. Bosi alitaka kadi ziondoke siku moja, nikamwomba wiki nane za kwenda na vyote viwili. Wiki mbili za kwanza mzee hakugusa kompyuta kabisa. Tulimpa kazi ya kupanga orodha ya bidhaa, maana mle ndani kulikuwa na fujo: bomba moja la nusu inchi lina majina matatu, la kwenye invoisi, la kaunta na la mafundi. Misumari inaingia kwa katoni, inatoka kwa kilo. Mabati yanaingia kwa bando, yanatoka kwa pisi. Mtaalamu wa mfumo alikuwa anaandika kama invoisi inavyosema, mzee akawa anamzuia mmoja mmoja. Kuanzia wiki ya tatu ni saa moja kila asubuhi kabla magari hayajaanza kupakia, kwenye nakala ya majaribio, ili akikosea pasiharibike kitu. Miwani alipata wiki ya pili, bibi asante.

Jumamosi iliyopita tulihesabu bidhaa 40. Mfumo na rafu vilikubaliana kwa 31. Kati ya 9 zilizobaki, 6 zilikuwa za vipimo, mtu ameingiza katoni kama pisi. Mzee alizikamata tano kabla hatujafungua maboksi, kwa kuangalia idadi tu: "Vitasa 12 hatujawahi kuwa navyo, ni katoni 12 hizo."

Hayajanyooka yote. Daftari lipo, nimeangalia zile saa, kijana umesema kweli. Nilipomwuliza alisema mvua ikipiga bati hasikii mlio wa skana, kwa hiyo hana uhakika kama imesoma. Nimeomba skana yenye taa. Suala la cheo limekwama: bosi anataka aitwe "msaidizi wa mfumo", mzee anasema hawezi kurudi nyumbani akawa msaidizi baada ya miaka 22. Nimependekeza "mkaguzi wa stoku", bosi anahofia ataomba nyongeza.

Mkwe wa Kilindini
Si ampe tu hiyo nyongeza?

Duka la Kahama
Na hiyo skana yenye taa ni bei gani?